Kuchukua wastani wa alama za wenzao ni kumzawadia mwenye mkono wa birika

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kupitia alama za miradi ya vikundi, mwenzangu ninayemheshimu sana alirudia maneno ambayo nimeyasikia kila muhula: "Mnajisumbua bure. Kila mwanakikundi awape wenzake alama, chukua wastani, zidisha na alama ya mradi, kazi imekwisha." Nilieleza kwa dakika kumi, muda ukaisha, na najua hakushawishika. Sasa naandika yote, kwa sababu kosa hili linawaumiza wanafunzi ambao hawana njia ya kuligundua.

Kwanza nimalize lile jepesi. Wapo wanaoweka safu ya "ushirikiano, alama 10" ndani ya rubriki ya mradi na kuamini wamemaliza suala la wanaotegea. Hawajamaliza. Safu hiyo inasahihishwa kwa kikundi kizima, kwa hiyo aliyebeba mzigo na aliyebebwa wanapata 7 ileile. Rubriki ya mradi ipime mradi: ripoti, kifaa, wasilisho. Mchango wa mtu uwe na karatasi yake, na hesabu yake.

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kukaa nayo.

Chukua kikundi cha watu wanne, A, B, C na D. Mradi wao umepata 70. A, B na C wamefanya kazi sawa kabisa. D amefanya kama nusu ya kila mmoja wao, na wote wanne wanalijua hilo. Kila mmoja anawapa wenzake watatu alama kati ya 0 na 20, yeye mwenyewe hajipi. Wakajaza hivi:

| Aliyetoa | A | B | C | D |
|---|---|---|---|---|
| A | – | 18 | 18 | 9 |
| B | 20 | – | 20 | 10 |
| C | 8 | 8 | – | 4 |
| D | 16 | 16 | 16 | – |

Tazama safu mlalo ya C. Hajasema uongo. Amewapa A na B alama sawa, na D amempa nusu yao, sawasawa na hali ilivyo. Ila kwake 20 ni ya malaika, na binadamu akijitahidi anapata 8. Wasahihishaji wa namna hiyo tunawajua hata miongoni mwetu.

Sasa chukua wastani wa alama ambazo kila mmoja amepokea. A anapata 14.7, B 14, C 18, D 7.7. Gawanya kila wastani kwa wastani wa kikundi, ambao ni 13.6, kisha zidisha na 70. A anatoka na karibu 76, B na 72, D na 40, na C na 93. Watu watatu waliofanya kazi sawa wametofautiana kwa alama 21, na aliyepanda juu ni yule aliyewabania wenzake. Sababu yake ni rahisi: alama za C zimewashusha wote isipokuwa yeye, maana ndiye pekee asiyepokea alama kutoka kwa C. Wanafunzi wakigundua hilo, na huligundua ndani ya muhula mmoja, kila mwenye akili atajaza fomu kwa mkono wa birika. Basi fomu imekufa.

Dawa yake haihitaji programu ya pekee. Kabla ya kujumlisha chochote, geuza alama za kila mtoaji ziwe sehemu za jumla yake mwenyewe. Ukiwa na jedwali la kompyuta, kisanduku cha mtu kujipa alama kikiwa kitupu, fomula ni hii:

```
=B2/SUM($B2:$E2)
```

A ametoa jumla ya 45, kwa hiyo B na C wanapata 0.4 kila mmoja na D 0.2. B ametoa 50: 0.4, 0.4, 0.2. C ametoa 20 tu, lakini sehemu zake ni zilezile, 0.4, 0.4, 0.2. Mkono wake mgumu umefutika, na kilichobaki ni anachokisema kuhusu uwiano wa kazi. D ametoa theluthi kwa kila mmoja. Jumlisha sehemu alizopokea kila mtu: A, B na C wanapata 1.13 wote watatu, D anapata 0.6. Ukijumlisha hizo nne unapata 4, idadi ya wanakikundi. Isipotoka idadi hiyo, umekosea mahali au kuna mtu hakujaza.

Na hapo kwa "hakujaza" kuna shimo ambalo mimi mwenyewe nilikaa nalo miaka miwili bila kuliona. Tuseme D hakurudisha fomu. Kawaida watu husahihisha kwa kuzidisha jumla zote na idadi ya wanakikundi, halafu kugawanya kwa idadi ya waliojaza: hapa 4 kwa 3. A, B na C walikuwa na 0.8 kila mmoja, sasa wana 1.07. D alikuwa na 0.6, sasa ana 0.8. Yaani D amepanda kutoka 0.6 hadi 0.8 kwa kutorudisha fomu! Marekebisho hayo ni sahihi pale watu wanapojipa alama na wenyewe. Pale wasipojipa, wenzake D wamepungukiwa na mtoaji mmoja ilhali yeye hajapungukiwa na yeyote, na kuzidisha wote kwa namba ileile hakulitibu hilo. Njia iliyo sawa ni kumgawanyia kila mtu jumla yake kwa idadi ya watu waliompa alama yeye. A amepata 0.8 kutoka kwa wawili, wastani 0.4. D amepata 0.6 kutoka kwa watatu, wastani 0.2. Kisha panua zote kwa kiwango kimoja hadi zifike 4: wale watatu wanapata 1.14 na D 0.57. Ukipitia hesabu za zamani, anza na vikundi ambavyo fomu hazikutimia.

Kwa nini nisiwaruhusu wajipe alama? Nimejaribu njia zote mbili. Wakijipa, wanaojidharau huumia na wanaojisifu hunufaika, na kwa uzoefu wangu waliofanya kazi nyingi ndio wagumu zaidi kujisifu. Fomu yangu bado ina sehemu ya kujieleza, ila kwa maneno, na haiingii kwenye hesabu.

Tukirudi kwenye 70. Ukizidisha moja kwa moja, A anapata 79 na D 42. Mimi sifanyi hivyo. Nusu ya alama ya mradi naiacha bila kuigusa, na nusu nyingine ndiyo inayozidishwa: 35, kisha 35 mara 1.13, A anapata karibu 75; D anapata 35 na 21, jumla 56. Nusu hiyo si namba iliyoteremshwa. Naitumia kwa sababu kipimo chenyewe kina makosa, na sitaki chuki ya wiki moja kati ya watu wawili imfelishe mtu. Wenzangu wengine huzidisha robo tatu, na siwezi kuwaambia wamekosea. Ninachosisitiza ni kwamba namba hiyo itangazwe siku mradi unatolewa, kabla mtu hajajua atakuwa na nani.

Hesabu safi haitaokoa fomu mbaya. Ukiuliza "mchango wake ulikuwa mzuri kiasi gani?" utapimiwa uchangamfu, na msemaji wa kikundi ataongoza daima. Mimi natumia vigezo vinne vya alama 5 kila kimoja: kutimiza alichokichukua, ubora wa alicholeta, kuwapa wenzake taarifa, na kusaidia sehemu ambazo si zake. Kila ngazi inaeleza kitu kinachoonekana. Kwa mfano kutimiza: 5 ni "alileta kila sehemu siku tuliyokubaliana, ikatumika bila mwingine kuirudia." 3 ni "alileta zote, ila angalau moja ilichelewa au ilibidi mwenzake aitengeneze upya." 1 ni "angalau sehemu moja haikuja, wengine wakaifanya." 0 ni "hakuna sehemu aliyoichukua." Ngazi za 2 na 4 nimeziacha zijazwe kwa busara yao. Na chini ya kila kigezo kuna mstari mmoja wa kutaja tukio: lini, kazi gani. Mstari huo ndio ninaousoma kwanza.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie historia ya mabadiliko kwenye waraka wa pamoja, maana kila herufi imeandikwa nani aliiweka. Naitumia kama ushahidi, kamwe si kama alama. Niliwahi kuwa na mwanafunzi ambaye historia ilimwonyesha karibu hana kitu: maneno machache yaliyoongezwa, kurasa nne zilizofutwa. Fomu za wenzake watatu zilimpa alama za juu kabisa. Nilipowaita, walinionyesha kwamba kurasa nne zile zilikuwa za kurudiarudia, na kwamba yeye ndiye aliyeona majedwali mawili yanapingana. Kazi yake kubwa ilikuwa kufuta. Historia inahesabu uandishi. Haijui nani alifikiri, wala nani aliandika kwa kuambiwa na mwenzake.

Mipaka ipo. Kikundi cha watu watatu sikifanyii hesabu hii kabisa, kwa sababu kila mmoja anawagawia watu wawili tu, na marafiki wawili wanaweza kummaliza wa tatu. Hapo nawahoji mmojammoja. Kikundi kikipeana alama sawa zote, kila mtu anapata 1, na siwezi kujua kama ni usawa wa kweli au makubaliano ya mlangoni. Maelezo ya matukio yakiwa matupu kwenye fomu zote, nashuku makubaliano, lakini shaka si ushahidi, na alama huwa naziacha.

Na lipo moja linalonikosesha usingizi kila muhula. Mtu mwenye 0.6 huwa namwita kabla alama hazijatoka, dakika kumi, yeye peke yake. Mara nyingi anakiri. Lakini kuna wanaosema: "Kila nilipoleta sehemu yangu, kiongozi wetu alikuwa ameshaiandika mwenyewe usiku." Nikitazama tarehe, wakati mwingine ni kweli. Huyo hakutegea, alinyang'anywa kazi, na aliyemnyang'anya ana 1.3. Nimeweka ukomo wa 1.15 ili kunyakua kazi kusilipe, na aliyenyang'anywa kwa ushahidi nampandisha hadi 1. Kama ushahidi ni neno lake tu dhidi ya neno la watatu, namwacha na 0.6 yake, na sijawahi kutia saini karatasi hiyo kwa moyo mweupe.