Kalamu isubiri kidogo

"Mwalimu, mwanangu ana miaka 3 na nusu, kila siku anacheza tu na unga na mchanga, ataanza lini kuandika?"

Mama, hapo ndo ameshaanza. Tumezoea kuamini mkono unakomaa kwa kushikishwa penseli mapema, ila umri huo mifupa mingi ya kifundo cha mkono bado ni gegedu laini, na misuli ya vidole haijapata nguvu, ndo maana anaikamata penseli kwa ngumi na kusukuma bega zima mpaka karatasi inatoboka.

Unga ni rahisi, vikombe 2 vya ngano, 1 cha chumvi, maji kidogokidogo na kijiko cha mafuta, halafu mwambie aviringishe vipunje vidogo kama njegere kwa kidole gumba na cha shahada, maana akifinyanga kwa kiganja tu vidole havifanyi kazi. Kutunga vipande vya mrija kwenye kamba ya kiatu nako mkono mmoja unashika, mwingine unavuta. Mchanga uwe mwembamba kwenye sinia, akichora mstari aone chini. Vikimchosha haraka, punguza muda, usimlazimishe.