Kumkalisha mbele siyo kumjumuisha, jamani

Wiki iliyopita tena. Nimefika shule moja kwenye mizunguko yangu, nikapokelewa vizuri, chai na mihogo, halafu mwalimu mkuu akaniambia kwa furaha kabisa, "Mwalimu, yule binti wetu mwenye ualbino tulishamjumuisha, tumemweka dawati la mbele." Nikanyamaza, nikamalizia muhogo. Hii kauli nimeisikia mara nyingi mno, mpaka kwenye fomu za taarifa kuna mahali panauliza hatua zilizochukuliwa na jibu ni hilo hilo, amekalishwa mbele. Mwenye uoni hafifu, mbele. Asiyesikia vizuri, mbele. Mwenye ulemavu wa akili, naye mbele. Sasa hilo dawati la mbele lina dawa gani?

Nikaomba kuingia darasani. Darasa la tano, watoto 87, hisabati, sehemu. Kwenye begi huwa natembea na tepu ya fundi cherehani, watu wananicheka ila ndo kifaa changu cha kazi. Nikapima kutoka usoni kwa binti hadi ubaoni, mita 2 na sentimita 40. Nikapima herufi za mwalimu, mwandiko mzuri tu, herufi ndogo na tarakimu zina kama sentimita 3. Kadi ya kliniki ya macho inasema binti akiwa na miwani anaona 6/60, yaani kitu ambacho mwenzake anakisoma akiwa mita 60, yeye mpaka asogee mita 6.

Hapa ndo watu hawataki kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Mtu wa 6/60, akiwa mita 6, herufi ndogo kabisa anayoweza kuitambua ina urefu wa karibu sentimita 9. Umbali ukipungua, herufi inayohitajika inapungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mita 2.4 anahitaji kama sentimita 3 na nusu, na hiyo ni ya kutambua kwa shida, herufi moja moja kama anayesoma chati ya E. Kusoma kwa kutiririka kunataka angalau mara mbili yake, sema sentimita 7. Mwalimu anaandika 3. Maana yake pale mbele kabisa, mahali tulipopewa sifa za ujumuishi, binti haoni ubao. Anaona chokaa chokaa nyeupe.

Na bado sijataja dirisha. Dawati la mbele lilikuwa pembeni mwa dirisha lisilo na pazia, na macho ya mwenye ualbino mwanga mkali unayaumiza, hana rangi ya kutosha ndani ya jicho ya kuuzuia. Ubao nao umepakwa unga wa betri na mkaa muda mrefu uliopita, umekuwa wa kijivu na upande mmoja unang'aa, halafu kichwa cha habari kimeandikwa kwa chaki ya bluu. Bluu juu ya kijivu hata mimi sikuiona.

Kingine, binti anageuza uso kushoto anapotazama mbele na mwalimu akamwambia kwa upole tu, "Kaa vizuri, nitazame." Jamani. Wengi wenye ualbino macho yanacheza yenyewe, na kuna pembe fulani ambayo yakitazama yanatulia kidogo. Mtoto kaigundua mwenyewe bila kufundishwa na mtu, ye ndo mtaalamu hapo. Akigeuza uso kushoto ujue macho yake yanatulia yakitazama kulia, kwa hiyo muweke upande wa kushoto wa darasa ili ubao uwe kulia kwake, na shingo itapumzika. Na akisogeza kitabu mpaka kinagusa pua muache, hataharibu macho, anakuza maandishi bure bila kununua lenzi.

Sasa nije kwenye kilichonikera zaidi. Nikachukua daftari lake. Zoezi lina maswali kumi, kapata mawili, chini kaandikiwa "Ongeza juhudi". Ubaoni swali la kwanza lilikuwa 3/8 + 1/4. Kwenye daftari lake imeandikwa 3/3 + 1/4, na jibu lake moja na robo. Swali lingine ubaoni 5/6 − 1/3, yeye kaandika 5/8 − 1/3, akatafuta kigawe kidogo cha shirika, 24, akatoa 15 kutoa 8, akaandika 7/24. Ipige mwenyewe. Ni sahihi! Nikapitia yote kumi kwa kufuata alichoandika yeye, siyo kilichokuwa ubaoni, nikapata nane sahihi. Yaani huyu mtoto anajua sehemu, tena amefanya maswali magumu kuliko ya wenzake kwa sababu asili alizozisoma vibaya zilimpa kazi kubwa zaidi. Kilichosahihishwa kwenye lile daftari siyo hisabati, ni kunakili.

Na hapo ndo penye kiini cha ile yudieli tunayoimbiwa kwenye semina, usanifu wa ujifunzaji kwa wote. Wengi wakitoka semina wanakumbuka zile nguzo tatu, namna nyingi za kumvutia mtoto, za kuwasilisha somo, za mtoto kuonyesha anachojua, halafu wanasema haiwezekani, siwezi kuandaa masomo 87. Nani kakwambia uandae 87? Wengine wanaichanganya na ile habari ya kwamba kuna mtoto wa kuona, mtoto wa kusikia na mtoto wa kugusa, ambayo ni kitu kingine na ushahidi wake haupo, tuiache. CAST wenyewe walioibuni yudieli, kile kituo cha Massachusetts kule Marekani kilichoanza 1984, mwanzoni walikuwa wanamtengenezea kila mtoto mwenye ulemavu vifaa vyake, wakaja kugeuza swali. Wakasema kilema kiko kwenye mtaala. Na wazo walilitoa kwa wasanifu majengo, kwamba ukijenga njia ya mteremko toka mwanzo, anapita wa kiti cha magurudumu, anapita mama mwenye mtoto, anapita muuza maji na mkokoteni wake.

Kwa hiyo swali la kwanza ni, leo lengo langu ni nini? Andalio la somo la yule mwalimu lilisema "mwanafunzi aweze kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti". Hakuna palipoandikwa "aweze kunakili tarakimu kutoka mita 2.4". Basi kunakili ni njia tu, na njia unaruhusiwa kuibadilisha bila kugusa lengo. Ingekuwa somo ni la mwandiko, hapo kunakili ndo lengo na hoja yangu inakufa. Ukishalitenganisha hilo sehemu kubwa ya kazi imeisha, na ndo sehemu ambayo semina inaipitia dakika tano kabla ya posho.

Tulichofanya na yule mwalimu (kijana msikivu, hakununa) ni mambo matatu. La kwanza ni mdomo. Alikuwa anafundisha hivi: "Tunachukua hii, tunazidisha na hii, hii inakuja huku, tunapata hii." Nikamwambia fumba macho nikufundishe hivyo hivyo. Akacheka. Sasa anasema, "Tatu juu ya nane, jumlisha moja juu ya nne. Asili ni nane na nne, zinakutana wapi? Nane. Kwa hiyo moja juu ya nne inakuwa mbili juu ya nane." Kila anachoandika anakitamka. Ilikuwa ngumu kwake, siku ya kwanza "hii" zilimtoka kama kikohozi, nikawa nahesabu kwa vidole. Ila watoto wa nyuma kabisa ambao hawana cheti chochote cha ulemavu wakaanza kunyoosha mikono, na wawili kati yao nimewaandikia waende kupimwa macho, nadhani hawakuwa wanaona ubao tangu la tatu.

La pili, maswali yanaandikwa pia kwenye karatasi kwa kalamu nene, nakala nne tu, zinazunguka kwenye madawati. Siyo ya binti peke yake, yeyote anaomba.

La tatu, ruhusa ya kuinuka kwenda ubaoni. Akisimama nusu mita, zile sentimita 3 za mwalimu ni mara nne ya anachohitaji kutambua, anasoma bila tabu. Lakini nilisisitiza ruhusa iwe ya darasa zima, maana akiinuka peke yake kila siku atachoka kutazamwa, na mtoto wa darasa la tano atachagua kukosa maswali kuliko kutazamwa. Matokeo yake siku mbili za kwanza ilikuwa soko, watoto kumi na tano ubaoni, wengine wanachungulia tu vumbi la chaki. Mwalimu akaweka sheria, wawili wawili, kwa kupita pembeni mwa ukuta. Siku ya nne utamu ukaisha, wanaoenda ni wenye shida kweli.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba Baraza la Mitihani linamjua huyu binti kuliko darasa lake. Akifika mtihani wa kumaliza shule ya msingi atapewa karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati na 10 kwa masomo mengine. Kwa hiyo miaka yote ya msingi anafundishwa kama anaona vizuri, halafu siku mbili za mtihani ndo anakumbukwa.

Nisijifanye najua kila kitu. Haya yote kwa mtoto kiziwi anayetumia lugha ya alama hayasaidii, mwalimu akitamka mpaka sauti ikauke yule hapati kitu, na kusema kweli mimi sijawahi kuliona darasa la kawaida bila mkalimani likamfundisha kiziwi ipasavyo, nikiambiwa lipo nitasafiri nikalione. Asiyeona kabisa anahitaji breli na mtu wa kumfundisha breli, mteremko haufundishi breli. Na hata kwa huyu binti sijui ni kipi hasa kimemsaidia, mdomo, karatasi au kusogea, vyote tumeviwasha pamoja. Utafiti wa yudieli nao una tatizo hilo hilo, unapima furushi zima. Zoezi lililofuata kapata saba kati ya kumi, ila zoezi moja ni zoezi moja.

Kuna pia sauti ya mwalimu, watoto 87 na vipindi sita kwa siku, Ijumaa alikuwa anakwaruza. Tumekubaliana watoto wasome swali kwa zamu kwa sauti, yeye atamke hatua tu.

Lililobaki ni jometri. Sehemu unaweza kuzitamka, pembetatu iliyochorwa na mstari wa kimo ndani yake utaitamkaje darasa zima likuelewe? Tulijaribu, tukapotezana wote mpaka mwalimu mwenyewe. Jumatano narudi na maboksi, kamba ya katani na gundi, tugandishe maumbo yashikike, sita kwanza, na nimemwambia mwalimu mkuu atafute pazia la lile dirisha, hata kanga iliyochakaa.