Urari Unalingana, Lakini Pesa Zimezidi

Dhana: Debiti zikilingana na krediti, daftari liko sawa.

Usawa huo ni lazima, ila hautoshi. Tuseme wauza samaki wa Dunga, Kisumu, wana chama cha akiba. Mwanachama analipa shilingi 2,000 kwa M-Pesa. Mfumo wa chama unaandika debiti 2,000 kwenye akaunti ya M-Pesa na krediti 2,000 kwenye akiba yake. Hifadhidata inathibitisha, kisha mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Programu haikuona jibu, kwa hiyo inatuma tena. Sasa kuna debiti 4,000 na krediti 4,000. Urari unalingana barabara, huku mwanachama akionyeshwa shilingi 2,000 ambazo hakuziweka.

Ndiyo maana kanuni ya usawa inahitaji mwenzake: kila muamala wa M-Pesa uonekane daftarini mara moja tu.

Dhana: Majaribio machache ya kukatika mtandao yanatosha.

Ukiandika majaribio kwa mkono, unakata mtandao mahali ulipokwisha kupafikiria. Hitilafu hukaa kwingine. Kwa upimaji wa sifa, unatamka kanuni, na zana kama Hypothesis ya Python inabuni mfululizo wa matukio: kulipa, kukatika kabla ya uthibitisho, kukatika baada yake, kutuma tena. Kando ya daftari unaweka kamusi nyepesi, `malipo`, yenye kila `TransID`, yaani namba ya muamala wa M-Pesa, na kiasi chake. Marudio yote yakishakamilika, unapima:

```python
assert sum(m.kiasi for m in mistari) == 0
assert jumla_ya_akiba == sum(malipo.values())
```

Hapa `mistari` ni maingizo ya daftari, debiti ni chanya na krediti ni hasi, `jumla_ya_akiba` ni jumla ya krediti za akiba ikigeuzwa kuwa chanya, na viasi ni senti kamili, si desimali. Mstari wa kwanza wa msimbo upimwe pia baada ya kila hatua, hata palipokatika. Wa pili ndio unaomnasa mkosaji wetu, na Hypothesis hupunguza mfululizo mrefu hadi hatua zinazotosha kuonyesha kosa: lipa, kata mtandao baada ya uthibitisho, tuma tena.

Dhana: Ukihifadhi TransID, tatizo limekwisha.

Inategemea unaihifadhi lini. Ikihifadhiwa kwanza, peke yake, kisha seva izime kabla ya debiti na krediti kuandikwa, ombi la pili litakataliwa kwa kuwa "limeshashughulikiwa". Malipo yamepotea, na urari bado ni sifuri. Iandike `TransID`, ikiwa na sharti la upekee, ndani ya muamala uleule wa hifadhidata unaobeba mistari miwili: vyote viingie au vyote vikosekane.

Dhana: Vipimo vikipita, hakuna haja ya kusuluhisha hesabu na taarifa ya M-Pesa.

Kamusi ya `malipo` umeibuni wewe. Kama hukujua kwamba malipo yanaweza kurudishwa kwa mlipaji, haitalijua hilo pia, na vipimo vitapita. Linganisha kila siku salio la akaunti ya M-Pesa daftarini na taarifa halisi, na kila tofauti mpya uigeuze tukio ambalo zana italibuni.