METHALI au MITHALI: viboksi saba, majibu mawili

Chukua kidokezo hiki cha chemshabongo: "Haba na haba hujaza kibaba, kwa mfano (7)". Mjazaji wa Nakuru anaandika METHALI. Wa Bungoma anaandika MITHALI. Wote wawili wamejaza viboksi saba, hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua. Shuleni tumezoea methali, lakini anayefungua Biblia hukuta kitabu cha Mithali mara tu baada ya Zaburi. Maneno yote mawili yana asili moja ya Kiarabu. Ugomvi ukizuka, si suala la nani anakijua Kiswahili zaidi. Kosa liko kwenye kiboksi cha pili, na aliyelifanya ni mtunzi.

Chanzo chake ni cha zamani. Kiarabu sanifu kina irabu tatu: a, i na u. Kiswahili kina tano. Kwa hiyo i ya Kiarabu ilipoingia kwetu ilitua mara kwenye i, mara kwenye e, na u ikatua kwenye u au o. Ndiyo sababu tuna hotuba ya mwanasiasa na hutuba ya msikitini, maneno mawili yaliyozaliwa na neno moja, na kila moja lina herufi sita. Maneno ya Kiingereza nayo yana tatizo lake. Anayefuata sikio huandika ripoti, anayefuata jicho huandika repoti kwa sababu ameiona e kwenye tahajia ya wenyewe. Kamusi zinasema ripoti. Tiketi na tikiti za kupandia treni ni hadithi hiyohiyo, ila hapo huwezi kumkosoa yeyote, maana zote zinatumika.

Sasa tuangalie jinsi mtunzi anavyojitia kitanzini. Tuseme ameweka METHALI mlalo, na kiboksi chake cha pili kimekatwa na neno la wima lenye kidokezo "Maelezo ya kazi iliyofanywa (6)". Yeye mwenyewe aliandika REPOTI, na e yake ikakutana na e ya METHALI. Mjazaji aliyeandika MITHALI anapata RIPOTI, tena kwa tahajia bora kuliko ya mtunzi. Jedwali lake limejaa safi, hakuna mahali palipogoma, hakuna dalili yoyote ya kumwambia arudi nyuma. Kuna majibu mawili kamili, na karatasi ya majibu inalijua moja tu. Mjazaji huyo apewe alama zake zote. Akinyimwa, anaonewa.

Dawa ni kukikata kiboksi chenye utata kwa neno la Kibantu ambalo herufi yake haibadiliki. Ondoa REPOTI, weka wima neno linaloanzia kwenye kile kiboksi cha pili: "Gugumaji hufanya hivi juu ya Ziwa Viktoria (4)". Jibu ni ELEA. Mtu wa MITHALI atajikuta na ILEA, ambalo si jibu la kidokezo hicho, na atarekebisha mwenyewe bila kumpigia mtu simu. Ukitaka MITHALI badala yake, badilisha kidokezo kiwe cha Biblia, kisha kata kwa IMBA. Hakuna atakayeandika EMBA.

Jihadhari na neno la kukata ambalo lenyewe lina pacha. ENDA ni la Kibantu na linaonekana salama, lakini ukibadilisha e kuwa i unapata INDA, yaani uchoyo au husuda, nalo ni neno halali. Kidokezo kikilegea kidogo tu, mlango umefunguka tena. Mimi hupima hivi: natia irabu ya pili mahali pa ile ya kwanza, kisha natamka neno linalotokea. Likiwa na maana yoyote inayoweza kujibu kidokezo, nalitupa.

Jozi zenye urefu tofauti hazisumbui sana. FIKRA ina viboksi vitano, FIKIRA sita. KLABU ya Gor Mahia ni vitano, na KILABU cha busaa ni sita. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, kwa hiyo maneno mengi yaliyokaa kwetu muda mrefu yamechomekwa irabu katikati ya konsonanti, na mengine yanatembea na sura zote mbili. Idadi ya viboksi inamaliza maneno, mradi watu wote wanahesabu kwa namna moja.

Na hapo ndipo pana shida kubwa zaidi, ambayo watunzi wengi hawaioni. Wako wanaoweka kila herufi kwenye kiboksi chake, na wako wanaoweka sh, dh, gh au kh pamoja kwenye kiboksi kimoja kwa kuwa ni sauti moja. SHUKRANI kwa herufi ni nane. SHUKURANI kwa herufi ni tisa, lakini kwa sauti ni nane. Kidokezo kikiandikwa "(8)" bila maelezo, wote wawili wana haki. Vivyo hivyo ALHAMISI ina herufi nane, na ALKHAMISI ina sauti nane. MUHTASARI ina herufi tisa, MUKHTASARI sauti tisa. Yaani tofauti ya kuhesabu inafuta kabisa tofauti ya tahajia.

Kh ina mvuto wake huku magharibi. Mbukusu wa Bungoma au Mwisukha wa Kakamega ana kh katika lugha ya mama, kwa hiyo Alkhamisi haimtii wasiwasi hata kidogo. Kiswahili sanifu kimeipunguza sana sauti hiyo: khabari imekuwa habari, kheri imekuwa heri. Lakini akhera na ahera bado zinaandikwa zote, na sabalkheri haijaachia kh yake. Kwa hiyo andika juu ya jedwali, kabla ya kidokezo cha kwanza: "Kila herufi ina kiboksi chake." Sentensi moja.

Si kila tahajia inayobishaniwa ni pacha halali, lakini. Dholuo haina z wala sh, na baadhi ya wasemaji wake huandika s mahali pake. "Siku za kale (6)" ikijazwa SAMANI badala ya ZAMANI, hilo ni kosa, kwa kuwa samani ni viti na meza. Tatizo ni kwamba samani lenyewe ni neno la kamusi, basi macho ya msahihishaji yanapita tu. Kata kiboksi cha kwanza kwa ZIWA na ubishi umekwisha, maana SIWA, ile baragumu ya watawala wa pwani, haiwezi kujibu kidokezo cha ziwa.

Kwa yale yatakayobaki, taja kamusi moja na toleo lake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 si ile ya 2004, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya 2015 ni kitabu kingine kabisa. Kanuni ninayoitumia ni kwamba umbo lolote lililoingizwa kama kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa katika kamusi, linakubalika, hata kama maelezo yake yanamwelekeza msomaji kwenye umbo jingine, mradi linatosha kwenye viboksi na halivunji neno linalolikata. Umbo lisiloonekana kwenye kamusi iliyotajwa halipewi alama, hata likisemwa Kisumu nzima. Na ikigunduliwa kwamba mtunzi mwenyewe ndiye aliyeandika umbo lisilo la kamusi, kama ile REPOTI, kidokezo hicho na vyote vinavyokikata vinaondolewa kwenye hesabu ya kila mshindani, isipokuwa aliyejaza umbo la kamusi, ambaye anabaki na alama zake.