Dakika za yai lenye kiini cha kumwagika

"Si wanasema dakika tatu zinatosha kwa yai lolote? Mbona langu ute bado kamasi?"

Hiyo ya dakika tatu imezungushwa miaka na miaka ila haiwezi kukaa sawa kwa kila yai, kwa sababu joto linaingia kutoka kwenye ganda kwenda ndani polepole, na kiini kinaanza kuwa kizito kikifika kama nyuzi 65 hivi, sasa yai likiwa limetoka kwenye friji lina safari ndefu kuliko lile lililokaa mezani.

Chukua yai la gramu 55 kutoka friji, litumbukize kwa kijiko kwenye maji yanayochemka tayari, dakika 6. Likiwa la joto la chumba, 5 hivi zinatosha. La gramu 70 la friji linataka karibu 7, maana uzito ukiongezeka robo muda unapanda kama asilimia 16 tu, sio robo nzima.

Halafu usijaze mayai mengi kwenye sufuria ndogo, maji yanapoa na hesabu inaharibika. Ukilitoa liweke kwenye maji baridi hapohapo, lisipowekwa kiini kinaendelea kuiva ndani ya ganda.