Si kila mkubwa ni Mheshimiwa: dhana potofu kuhusu barua kwa viongozi, maaskofu na wazee

Zahanati ya kijiji chetu ilipokaribia kuzinduliwa, mimi kama katibu wa kamati ya ujenzi nilipewa kazi ya kuandika barua tano za mwaliko: kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kwa Askofu wa jimbo, kwa Sheikh wa Wilaya, na kwa mzee aliyetoa kiwanja. Nikaandika moja vizuri, nikainakili mara nne, nikabadilisha majina na anwani. Sheikh akapokea barua yenye salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo". Alicheka, akaja kwenye sherehe, na mpaka leo tukikutana sokoni hunisalimu kwa maneno hayo hayo kabla sijafungua mdomo.

Nilipozipitia tena nakala zile tano nikaona kosa la Sheikh lilikuwa dogo kuliko mengine. Nilikuwa nimebeba dhana ambazo watu wengi wanazo.

Dhana: Kila mkubwa ni Mheshimiwa

Barua zangu zote tano zilianza na "Mheshimiwa". Nilidhani heshima haina hasara, ukizidisha hukukosea. Ukweli ni kwamba nchini Tanzania neno hilo lina kiti chake. Ni la viongozi wa kisiasa na la wale wanaotoa hukumu: Rais, mawaziri, wabunge, wakuu wa mikoa na wa wilaya, madiwani, kisha majaji na mahakimu. Watendaji wa serikali, yaani katibu mkuu wa wizara, mkurugenzi wa halmashauri, katibu tawala, mganga mkuu wa wilaya au mtendaji wa kata, huandikiwa "Ndugu", au "Ndugu Mkurugenzi".

Kinachowachanganya watu ni uteuzi. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, na Mkurugenzi wa Halmashauri naye huteuliwa na Rais, basi mtu husema wote ni sawa. Lakini cheo cha heshima hakifuati aliyekuteua, kinafuata kazi ya kiti. Ndiyo maana diwani wa kata yako, hata kama mnachota maji bomba moja, ni Mheshimiwa, ilhali Mkurugenzi mwenye mamia ya watumishi chini yake ni Ndugu.

Wengine huona "Ndugu" ni kumshusha mtu. Sivyo. Neno hili lilipata uzito wake enzi za ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, lilipotumika kuwaita watu wote, viongozi kwa raia, na ndani ya CCM bado ndilo linalotangulia jina la kiongozi wa chama. Tena lina faida moja ambayo "Bw." na "Bi." hazina: halichagui jinsia. Ukiandikia ofisi usiyojua kama anayeikalia ni mwanamume au mwanamke, "Ndugu" inakutoa kwenye aibu. Hivyo pia kwa Mkuu wa Wilaya mwanamke: kwenye barua ni "Mheshimiwa". Ile "Mama" tunayompa kwa mapenzi kwenye mikutano ya hadhara ibaki huko huko.

Dhana: Ukirundika vyeo, heshima inaongezeka

Hapa ndipo nilipoharibu zaidi. Kwa Askofu niliandika "Mheshimiwa Mhashamu Baba Askofu Dkt." na jina lake kamili, mstari mzima. Paroko aliposoma rasimu alishika kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la tano.

Katika Kanisa Katoliki kila ngazi ina neno lake, nalo linajitosheleza. Askofu na Askofu Mkuu ni Mhashamu. Kardinali ni Mwadhama. Papa ni Baba Mtakatifu. Ukisema "Mhashamu" umeshamaliza, na kumtangulizia "Mheshimiwa" ni kama kuvaa kofia juu ya kilemba. Makosa mengine huonekana kwenye jina la kardinali: kwa desturi ya zamani ya Kanisa, neno Kardinali hukaa katikati ya jina la ubatizo na la ukoo. Ndiyo maana utaona "Mwadhama Polycarp Kardinali Pengo", au "Mwadhama Protase Kardinali Rugambwa" wa Tabora. Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata daraja hilo, naye huandikwa hivyo hivyo.

Usihamishe maneno haya kwa madhehebu mengine bila kuuliza. Walutheri na Waanglikana wana maaskofu pia, lakini ukiingia ofisini kwao utasikia zaidi "Baba Askofu", na ndilo linalokaa vizuri kwenye barua. Mchungaji ni Mchungaji. Padre ni Padre, na anayeongoza parokia ukimwandikia "Baba Paroko" hakuna atakayekusahihisha. Upande wa Waislamu, Sheikh ni Sheikh, Imamu ni anayeongoza sala msikitini, na Ustadhi ni mwalimu wa dini. Usimwite mtu Alhaji kwa sababu tu ana kanzu na ndevu nyeupe. Ni jina la aliyekwenda Makka kuhiji, na asiyekwenda huona haya kuliko wewe.

Jambo lingine alilonionyesha Paroko ni kwamba vyeo vyote pamoja na jina, ukiamua kuvitaja, vina mahali pake, nalo ni kwenye anwani. Mstari wa kumwita hauhitaji jina. Barua ilivyotoka mikononi mwake ilikuwa hivi: upande wa kushoto "Mhashamu Askofu", chini yake jina la jimbo na S.L.P., kisha "K.K. Paroko", yaani kupitia kwa Paroko. Ikafuata "Mhashamu Baba Askofu," peke yake, halafu kichwa cha habari: "YAH: MWALIKO WA KUBARIKI ZAHANATI YA KIJIJI". Mstari wa kwanza wa mwili ukawa "Tumsifu Yesu Kristo." Kwa Mkuu wa Wilaya ni vivyo hivyo. Hata awe daktari au mhandisi, Dkt. na Mha. zinabaki kwenye anwani, na mstari wa kumwita ni "Mheshimiwa," basi.

Dhana: Barua rasmi haina salamu kabisa

Shuleni tulifundishwa kwamba "Shikamoo" na "hali yangu ni njema, hofu kwako" ni za barua ya kirafiki. Ni kweli, na barua ya serikali huingia moja kwa moja: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", au ukijibu, "Rejea barua yako yenye Kumb. Na. … ya tarehe …". Binafsi sentensi ile ya "husika" siipendi. Kichwa cha habari kimeshaonekana, na kumwambia Mkuu wa Wilaya "husika" kuna harufu ya amri. Kwenye barua ya mwaliko naandika tu "Kamati ya Ujenzi inayo heshima kukualika…"

Lakini viongozi wa dini wako nje ya kanuni hiyo. Barua ya Mkatoliki kwa askofu wake isiyo na "Tumsifu Yesu Kristo" inasomeka kama hati ya madai. Kwa Mlutheri ni "Bwana Yesu asifiwe". Mwislamu akimwandikia Sheikh huanza na "Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh", kwa urefu wake. Kuikata ikawa herufi mbili tatu, kama tunavyofanya kwenye simu, wazee wa dini wengi hawaipendi.

Je, kama anayemwandikia kiongozi wa dini si wa dini hiyo? Hapo ndipo nilipoteleza mimi. Njia salama ni kumwita kwa cheo chake na kuingia kwenye jambo. "Sheikh wa Wilaya," kisha habari. Hakuna atakayehesabu kwamba umemnyima salamu.

Dhana: "Ofisi yako tukufu" ndiyo lugha ya adabu

Watu huogopa "wewe" na "nakuomba", wakidhani ni kumkosea mkubwa. Kiswahili sanifu hakihitaji kumgeuza mtu mmoja kuwa wengi ili kumheshimu. "Tunakuomba" kwa Mkuu wa Wilaya ni sawa kabisa, na "ofisi yako" inatosha pale jambo linapohusu ofisi. "Tukufu" imetoka bungeni, ambako mbunge humwambia Spika "Bunge lako tukufu". Ukiiweka kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya, msomaji hujiuliza kama unamsifu au unamcheka.

Dhana: Kila barua hufungwa kwa "Wako mtiifu"

"Wako mtiifu" ni ya mtu mmoja anayeomba kwa aliye juu yake: maombi ya kazi, likizo, uhamisho. Kamati, au ofisi inayoiandikia ofisi nyingine, haina utii wa kuuahidi. Hufunga kwa sentensi kama "Nakutakia kazi njema" au "Tunashukuru kwa ushirikiano wako", kisha sahihi, jina na cheo. Anayesaini badala ya bosi wake huandika "Kny." mbele ya cheo hicho, yaani kwa niaba ya. "Wako katika ujenzi wa Taifa" bado utaiona, hasa kwa waandishi wa rika langu. Si kosa, ila inakutaja umri. Kenya wana kawaida yao: "Wako mwaminifu", na mahali petu pa "YAH" wao huandika "MINT", yaani mintarafu, au "KUH", yaani kuhusu.

Kwa Askofu tulifunga kwa "Tunaomba baraka zako za kichungaji" na chini yake "Wako katika Kristo". Ya Sheikh iliandikwa upya na mjumbe wetu Mwislamu, akaifunga kwa "Wabillahi tawfiq".

Dhana: Ukiijua ofisi ya mkubwa, peleka mwenyewe

Ile K.K., kupitia kwa, si pambo. Barua ya kijiji kwa Mkuu wa Wilaya hupita kwa Mtendaji wa Kijiji na Mtendaji wa Kata, na kila mmoja hugonga muhuri na kuandika maoni yake. Ukiruka mmoja, itarudi kwake kuulizwa anajua nini, na wiki mbili zimeisha. Tena iandikie kiti, usimwandikie mtu: "Mkuu wa Wilaya" juu kabisa. Iliyoandikwa kwa jina la mtu tu masjala wanaweza kuidhani ya binafsi wakaiweka pembeni, na akihamishwa hujui kama itamfuata au itabaki.

Iliyobaki ni ya mzee wa kiwanja. Hii niliiandika upya kwa moyo: "Mzee wetu, Shikamoo", nikamweleza kwa lugha ya nyumbani, nikamaliza na "Ni sisi wanao". Nikampelekea kwa mkono wangu. Mjukuu wake akamsomea, mzee akatikisa kichwa, akaichukua ile karatasi akaigeuza nyuma na mbele.

"Ya Mkuu wa Wilaya ina muhuri?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Na hii yangu?"

Nikarudi ofisini kuufuata.