Hujawahi kutumia dawa ovyo, mbona UTI yako ni sugu?

Swali: Nipo Igogo hapa Mwanza. Mi antibiotiki sinywi mpaka niandikiwe na dozi namaliza. Juzi nimeotesha mkojo, majibu yanasema E. koli amegoma sipro na seftriaksoni. Imekuwaje?

Jibu: Pole sana ndugu. Anayezoea dawa sio mwili wako, ni bakteria, na bakteria wanahama. E. koli wa UTI mara nyingi anatokea utumboni mwako mwenyewe, na huko aliingia kwa maji, chakula au mikono, kwa hiyo usugu wake anaweza kuwa kaupatia kwa mtu usiyemjua kabisa.

Chukulia jirani ana mafua. Mafua ni virusi, sipro haivigusi, ila kaenda duka la dawa kanunua vidonge vinne basi. Tuseme, kwa mfano tu, tumboni ana E. koli milioni moja na kumi kati yao walishakuwa sugu kabla hata hajameza kitu, ni bahati ya jeni tu. Vidonge vinafyeka wenzao, wale kumi wanabaki na nafasi yote na chakula chote, wakigawanyika mara kumi tu wanazidi elfu kumi. Yani dawa haijawatengeneza, imewachagua. Mafua nayo yanaisha yenyewe, jamaa anasema sipro kiboko, safari nyingine anarudia na kumshauri shemeji yake.

Sasa milima ya huko kwenu ni mawe matupu, kuchimba choo kirefu ni kazi, mvua ikipiga kila kitu kinateremka. Tafiti zilizofanyika Mwanza zimeshawakuta E. koli wanaogoma dawa za kundi la seftriaksoni tumboni mwa watu wa mtaani ambao hata hawaumwi.

Swali: Lakini jirani kameza sipro, seftriaksoni ni sindano. Imeingiaje hapo?

Jibu: Swali zuri hili. Bakteria ana plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho anamnakilia mwenzake, hata wa aina nyingine. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni ya kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni, pamoja na jeni za kukataa septrini, jentamaisini, na wakati mwingine sipro. Ukitumia dawa yoyote kati ya hizo unambakiza mwenye mzigo wote, kwa hiyo septrini ya bei chee inaweza kulinda usugu wa sindano ambayo mtaani hamjawahi kuchomwa.

Swali: Mi natibiwaje sasa?

Jibu: Rudi na karatasi kwa daktari, muangalie palipoandikwa S, maana R ndo imegoma. Mara nyingi nitrofurantoini bado inakuwa S, na kwa kibofu inafaa kwa sababu inajikusanya kwenye mkojo. Ila kama una homa, kutapika au maumivu ya ubavuni mwambie mapema, hapo inawezekana imefika kwenye figo na hiyo dawa haifiki huko kwa kiwango cha kutosha, anahitaji kukuchagulia nyingine.